Diski Ikigonga, Chomoa Kwanza

(Hotuba kwa wapiga picha na watengeneza video za harusi, Tanga)

Wakubwa zangu mliokaa mbele, shikamooni. Wengine wote, habari za asubuhi. Nashukuru kwa kuniita.

Kwenye mfuko huu nina diski mbili za nje, za inchi 2.5, zile ndogo ambazo karibu kila mmoja wenu anayo kwenye begi la kamera. Zote zilianguka zikiwa zinafanya kazi. Zote zilianza kugonga. Moja ilirudisha karibu kila kitu kilichokuwa ndani. Nyingine ilikuwa na harusi tatu, na video zake hazikupatikana. Nimeifungua hiyo ya pili kwa ruhusa ya mwenyewe, nitaipitisha mkono kwa mkono muione.

Katika kazi yangu ya ufundi naulizwa swali moja kila wiki: "Fundi, diski yangu inagonga, nitumie programu gani?" Swali hilo limekuja mapema mno. Kabla ya kutaja programu yoyote, tujue kwanza kama diski yenyewe bado inaweza kusoma. Na jibu la hapo mnaweza kulisikia kwa masikio yenu, bila chombo chochote, ndani ya sekunde kumi.

Sikilizeni huo mlio unatoka wapi. Ndani ya diski mna sahani moja au mbili, zinang'aa kama kioo, na katika diski hizi ndogo mara nyingi ni kioo kweli kilichopakwa utando mwembamba wa sumaku. Data zenu ziko kwenye utando huo. Sahani inazunguka mara 5,400 kwa dakika, kwa hiyo ukingo wake wa nje unakimbia kama kilomita 66 kwa saa. Juu ya kila uso wa sahani kuna kichwa kidogo cha kusomea, kimeshikwa kwenye ncha ya mkono wa chuma. Kichwa hicho hakiigusi sahani. Upepo wa mzunguko hukiinua, kikaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele wenu mmoja una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Chembe ya vumbi tusiyoiona kwa macho, kwa kichwa kile ni kama jiwe katikati ya barabara.

Mkichomeka diski, mota inaanza kuzunguka. Mzunguko ukishakolea, mkono unatoka kwenye maegesho yake pembeni na kuvipeleka vichwa juu ya sahani. Vichwa vinatafuta alama zilizoandikwa kiwandani zinazoonyesha njia. Zikipatikana, vinakwenda sehemu maalumu ya sahani ambako diski imehifadhi programu yake ya ndani, vinaisoma, na hapo ndipo diski inajitambulisha kwa kompyuta: mimi ni aina fulani, ukubwa wangu ni terabaiti 1. Yote haya hutokea kabla hamjaona chochote kwenye skrini.

Sasa kichwa kimepinda, au kimekatika. Mkono unatoka, kichwa hakioni alama, mkono unarushwa hadi mwisho na kugonga kizuizi, unarudi, unajaribu tena. Ka. Ka. Ka. Huo ndio mlio wenu. Si kirusi, wala si Windows kuharibika. Ni mkono unaotafuta njia bila macho.

Mkilielewa hilo, suala la programu linajimaliza lenyewe. Programu ya kurejesha data, iwe Recuva, iwe R-Studio, iwe PhotoRec, inakaa kwenye kompyuta. Kazi yake ni kuiambia diski: nisomee sekta hii, nisomee na ile inayofuata. Anayesoma ni kichwa kilekile kilichovunjika. Hakuna programu inayonyoosha chuma kilichopinda. Kinachofanyika ni kuilazimisha diski ijaribu tena, na ikishindwa, ijaribu tena.

Na kila jaribio lina gharama yake. Kichwa kilichopinda hakielei vizuri. Kona yake, au kipande chake kilichoning'inia, kinaweza kugusa sahani. Fanyeni hesabu pamoja nami. Mara 5,400 kwa dakika ni mara 90 kwa sekunde. Tuseme diski inahangaika sekunde 15 kabla ya kunyamaza: sahani imeshapita chini ya kichwa kile mara 1,350. Mtu akichomeka mara ishirini kwa matumaini, zimefika mara 27,000. Utando ule ni mwembamba kiasi kwamba hauhimili kukwaruzwa namna hiyo. Unachunika, unakuwa unga mweusi, na unga unasambazwa na upepo uleule wa ndani hadi kwenye nyuso ambazo zilikuwa nzima. Vichwa vizuri navyo vinaanza kujikwaa kwenye unga. Ndiyo maana diski iliyokuwa na kichwa kimoja kibovu asubuhi, jioni inaweza kuwa na vinne.

Naomba sasa diski hii ipite. Ishikeni kwenye taa mkiinamisha kidogo. Mnaona mstari wa duara, karibu na katikati, kama mfereji? Hapo ndipo utando ulipokuwa. Ukiutazama vizuri utaona kioo kitupu kwa chini. Na pale pembeni kuna kichujio kidogo cheupe cha kunasa vumbi. Hiki kimekuwa cha kijivu. Kile cha kijivu ndizo picha za harusi za mtu.

Hiyo diski ilipitia mikononi mwangu, na nawaambia kama ilivyokuwa kwa sababu nilikosea. Ni miaka kadhaa sasa. Mwenyewe alikuja akasema, "Kaka, imeanguka kutoka mezani, waya ulivutwa na mtoto. Inagonga, lakini jana usiku iliwahi kuonekana mara moja." Neno hilo "iliwahi kuonekana" lilinipa moyo. Nilibadilisha waya, nikabadilisha kompyuta, nikaichomeka tena na tena. Mara moja ilijitokeza kweli, jina likaja, Windows ikauliza kama nataka kuifomati. Nikakataa, nikawasha programu ya kuchambua, nikafunga duka nikaenda kulala. Asubuhi programu ilikuwa bado asilimia sifuri, na mlio ulikuwa umebadilika. Haukuwa kugonga tena. Ulikuwa mkwaruzo, kama kisu kwenye sufuria.

Diski ilipofika maabara ya kurejesha data, waliikuta na mfereji huu. Uso mmoja wa sahani ulikuwa umekwisha, uso wa pili ulisomeka. Hapa kuna jambo ambalo nyinyi wapiga picha mnapaswa kulijua. Diski haijazi uso mmoja mpaka mwisho ndipo iende wa pili. Inaandika kipande hapa, kisha kipande kule, kwa kupokezana. Picha ya megabaiti nane inaweza kutoshea yote kwenye kipande kimoja, kwa hiyo picha nyingi zilizoangukia uso mzima zilirudi. Faili la video la gigabaiti kadhaa linapita nyuso zote mbili mara nyingi, kwa hiyo kila video ilirudi na matobo, haifunguki. Bibi harusi alipata picha zake, takriban nusu. Sauti ya babake akimwozesha haikupatikana, na babake alikuwa ameshafariki.

Sasa hii nyingine. Imeanguka vilevile, ukubwa uleule. Kijana aliichomeka mara moja, akasikia inagonga, akachomoa hapohapo. Akanipigia simu. Nikamwuliza maswali mawili tu: imeanguka? Inagonga? Akajibu ndiyo kwa yote mawili. Nikamwambia aifunge kwenye kitambaa, aiweke kabatini, asiionyeshe kwa fundi yeyote, mimi nikiwemo. Iliwashwa mara moja tu baada ya kuanguka. Maabara waliifungua, wakakuta kichwa kimoja kimepinda na sahani safi. Wakaweka vichwa vingine, wakaisoma, karibu mafaili yote yakapatikana. Tofauti ya diski hizi mbili haikutokana na bahati ya kuanguka peke yake. Moja iliwashwa mara moja, nyingine mara zisizohesabika.

Najua kuna mtu anajiuliza: je, kila kugonga ni kichwa kibovu? Si kila mara. Diski isiyopata umeme wa kutosha nayo hugonga. Tundu la USB la zamani limepangiwa miliampea 500, na diski ndogo inapoanzisha mota inaweza kutaka karibu mara mbili ya hapo. Umeme ukipungua, mota inalegea, mkono unarudi kwenye maegesho, diski inaanza upya, nanyi mnasikia mlio unaofanana sana na ule wa kifo. Kwa hiyo ninaruhusu jaribio moja, kwa masharti. Diski iwe haijaanguka, haijagongwa, haijamwagikiwa maji. Iwe ilikuwa imechomekwa kwenye kigawanyio cha USB au kwa waya mrefu. Hapo chukueni waya mfupi mzuri, chomekeni moja kwa moja kwenye kompyuta, na mhesabu hadi kumi. Ikizunguka kwa utulivu na kuonekana, tatizo lilikuwa umeme, nakilini vitu vyenu vya thamani mara moja. Ikigonga tena, chomoeni. Jaribio limekwisha, na hakuna la pili.

Kama imeanguka, hata hilo moja halipo.

Kuna na mlio mwingine msiuchanganye na huu: diski haizunguki kabisa, inalia kwa sauti nyembamba, pii, pii. Hapo mara nyingi vichwa vimenasa juu ya sahani na mota inashindwa kusukuma. Mkiilazimisha, mnavichana vichwa. Nayo ni ya maabara.

Programu basi zina kazi wapi? Zina kazi kubwa sana, ila kwenye diski yenye afya ya mwili. Umefuta folda kwa makosa, umefomati kadi isiyo yenyewe, mafaili yamepotea lakini diski inazunguka kimya, inaonekana kwa jina lake sahihi na ukubwa wake sahihi, inasoma kwa kasi ya kawaida. Hapo programu ndiyo dawa, na kupeleka maabara ni kutupa pesa. Sharti ni kuweka kinachorejeshwa kwenye diski nyingine, usiandike chochote kwenye ile iliyopoteza.

Kati ya hizo mbili kuna diski inayochechemea. Haigongi, inaonekana, lakini folda moja inafunguka kwa dakika tano na nakala inakwama. Vichwa vinasoma, ila sehemu za sahani zimechoka. Hii inaweza kuokolewa nyumbani na mtu makini, lakini si kwa kuichambua moja kwa moja. Kwanza unaichukulia diski nzima nakala, sekta kwa sekta, ukianza na sehemu rahisi na kuziruka ngumu. Kwenye Linux kuna `ddrescue`:

```
lsblk
sudo ddrescue -d -n /dev/sdb harusi.img harusi.map
```

Amri ya kwanza inaonyesha majina ya diski, hakikisha kwa ukubwa wake kuwa `/dev/sdb` ndiyo ile mbovu. Ya pili inasoma kutoka diski mbovu na kuandika kwenye faili `harusi.img`, ambalo liko kwenye diski nyingine isiyo mbovu yenye nafasi kubwa kuliko ile mbovu, kwa hiyo iendeshe ukiwa ndani ya diski hiyo nyingine. Faili la `harusi.map` linakumbuka kilichosomwa na kilichorukwa, ili ukisimama na kuendelea isirudie ilipokwisha kupita. Herufi `-n` inaizuia isianze kukwangua sehemu ngumu katika mzunguko huu wa kwanza. Ukimaliza, unaipumzisha diski, na PhotoRec au nyingine unaielekeza kwenye ile nakala, usiku kucha kama unataka, kwa sababu nakala haichakai.

Lakini kaa karibu uisikilize. Kasi ikishuka ghafla karibu na sifuri, makosa yakipanda mfululizo, au ukisikia ka ya kwanza, simamisha na uchomoe. Imevuka mpaka. Na kwa diski ya namna hii naipenda Linux kuliko Windows, maana Windows ikiona diski tu inaanza kuisoma yenyewe na kupendekeza ikukarabatie. Mkiona ombi la kufomati, kataeni. Mkishauriwa kuendesha `chkdsk`, kataeni pia. Hiyo huandika kwenye diski, inanyoosha orodha ya mafaili kwa kukata yasiyosomeka, na yaliyokatwa hata maabara inapata taabu kuyaunga.

Haya, maabara wanafanya nini ambacho fundi wa mtaani hafanyi? Mara nyingi wanaanza kwa kutoiwasha. Wanaifungua kwenye meza yenye hewa iliyochujwa, wanaangalia sahani chini ya taa kama mlivyofanya nyinyi sasa hivi. Kama kuna unga, wanasafisha kwanza. Kisha wanatafuta diski ya kutolea vipuri, na hapo ndipo gharama inapoanzia: haitoshi iwe chapa moja na ukubwa mmoja, inatakiwa modeli ileile, mara nyingi na toleo lilelile la programu ya ndani, na idadi ileile ya vichwa. Vichwa vya diski hiyo nzima vinatolewa kwa kifaa kama kichana kinachovizuia visigusane, vinaingizwa kwenye diski yenu. Diski iliyotolewa vipuri inakuwa imekufa. Mnainunua nyinyi.

Baada ya hapo hawaichomeki kwenye laptopu. Wana mashine maalumu, kama PC-3000, inayoweza kuiamrisha diski isome kwa kichwa kimoja tu, iachane na kile dhaifu hadi mwisho, na ikate umeme mara tu usomaji unapokwama. Vichwa vya kuazima huenda vikadumu saa chache. Ndiyo maana watawauliza: folda gani ianze? Mwe na jibu. "Harusi ya Desemba, video kwanza" ni jibu. "Zote" si jibu.

Bodi ya kijani iliyo chini ya diski najua mmeambiwa mnunue nyingine mbadilishe. Zamani ilifaa. Diski za sasa bodi ina chipu yenye vipimo vya vichwa vya diski hiyohiyo, ukiweka bodi ngeni inaweza kugonga hata kama ilikuwa nzima. Friza nayo, acheni. Hapa kwetu pwani, ukitoa kitu friza kinatoka jasho, na jasho hilo mnalipeleka juu ya sahani.

Kuhusu pesa nitasema wazi. Kubadilisha vichwa kunagharimu mara kadhaa ya bei ya diski mpya, na maabara nyingi hukagua kwanza kisha zikatoa bei. Kuna data zisizostahili gharama hiyo. Kama ni filamu za kupakua, au kazi ambayo mteja ameshachukua nakala yake, jaribu utakavyo, hiyo ni hiari yako. Ila amua hilo kabla hujaichomeka tena. Wengi wanajaribu kwanza "bure", wakishindwa ndipo wanakumbuka kwamba zile harusi bado hazijakabidhiwa. Ukitoka maabara unaweza kuja kwenye programu. Ukitoka kwenye programu na mfereji kwenye sahani, maabara hawana utando wa kukurudishia. Na kama pesa hazipo mwezi huu, diski iliyozimwa inaweza kukaa kabatini hadi zipatikane. Kugonga hakuendelei ikiwa haina umeme.

Mkiisafirisha, ifungeni kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli kama mnao, kisha sponji pande zote unene wa vidole vitatu, ndani ya boksi gumu. Kwa basi kwenda Dar, mpeni mtu aipakate. Buti la basi si mahali pake. Msifungue zile skrubu kuchungulia, maana vumbi la chumbani linaingia mara moja.

Ndani ya boksi wekeni karatasi. Andikeni imeangukaje, ilikuwa inazunguka au imezimwa, ilitoa mlio gani mwanzo na mlio gani mwisho, fundi gani alijaribu nini, na folda za kwanza. Halafu andikeni iliwashwa mara ngapi tangu ianguke. Andikeni idadi ya kweli, hata kama ni arobaini, kwa sababu mtu wa maabara akisoma "mara moja" anaweza kuiwasha kuipima, na akisoma "arobaini" ataifungua na kuiangalia kwanza.